Kiboko kinanyamazisha darasa, lakini mtoto anajifunza nini?

"Sisi tulichapwa na tukawa watu. Hawa wa leo mkiwanyang'anya walimu kiboko, nani atawarudi?" Aliuliza hivyo mzazi mmoja kwenye kikao cha wazazi hapa Bombo, Uganda, na ukumbi ukampigia makofi.

Mzee huyo hakukosea kila kitu, na wanaopinga viboko wangesikilizwa zaidi kama wangekubali hilo mapema. Kiboko kinafanya kazi. Darasa la nne lenye watoto mia, watano watano kwenye dawati la watatu, wanapiga soga huku mwalimu akiandika ubaoni. Akigeuka na kuinua fimbo, kimya kinaingia mara moja. Hana kitu kingine kinachofanya kazi kwa kasi hiyo. Kumbakisha mtoto baada ya vipindi haiwezekani, kwa sababu nyumbani anasubiriwa achote maji. Kumwita mzazi ni kumpotezea kibarua cha siku nzima, na akifika mara nyingi husema, "Mchape tu, mwalimu, nimekuruhusu." Mwanaharakati anayekuja na semina ya siku moja hotelini kusema kiboko hakina faida yoyote hajasimama mbele ya darasa hilo, na walimu wanalijua hilo kabla hajamaliza salamu.

Darasa hilo nalo lilijaa kwa sababu. Januari 1997 Uganda ilianza elimu ya msingi kwa wote, na wanafunzi wa shule za msingi wakaruka kutoka milioni 3 hivi mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Mwaka huohuo wa 1997 Wizara ya Elimu ikatoa waraka wa kuzitaka shule za msingi ziache kuchapa. Fikiria mwalimu wa kijijini: watoto wameongezeka karibu mara mbili, na chombo pekee alichokizoea kimepigwa marufuku, bila mtu kumwonyesha kingine. Mwaka 2006 ukaja waraka mwingine. Mwaka 2016 Sheria ya Watoto ilirekebishwa, na sasa anayemchapa mtoto shuleni anaweza kufungwa hadi miaka 3. Katikati ya hayo yote fimbo haikutoka darasani. Watafiti walipowauliza watoto wa shule za msingi wilayani Luweero mwaka 2012, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema wamewahi kupigwa na mfanyakazi wa shule, na zaidi ya nusu walisema walipigwa wiki iliyopita.

Basi, kwamba kiboko kinaleta utulivu wa dakika kumi, hilo nalikubali. Ninachobishana nacho ni kile ambacho mtoto anakibeba baada ya dakika hizo kumi, mwaka hadi mwaka.

Chukua ile orodha ya wapiga kelele, ambayo kila aliyesoma nchi hii anaijua. Mwalimu anatoka, kiranja anabaki na karatasi iliyochanwa daftarini. Jina likiandikwa, mtu ana viboko viwili. Likiwekewa alama ya kuongeza, vinne. Mwalimu akirudi hapati darasa lililojifunza kukaa kimya. Anapata darasa lililojifunza biashara. Mwenye kitafunwa cha kabalagala cha mapumziko anampa kiranja nusu na jina linafutwa. Mwenye ugomvi na kiranja ameandikwa hata kama hakufungua mdomo. Mnyonge asiye na kitu anachapwa badala ya wote. Hakuna hata mmoja kati yao anayewaza kama kupiga kelele kunawaharibia wenzake somo. Wote wanawaza karatasi.

Jambo hili limepimwa, na kipimo chenyewe ninakipenda kwa kuwa ni chepesi. Victoria Talwar na Kang Lee, wanasaikolojia wanaochunguza namna watoto wanavyodanganya, walikwenda kwenye shule mbili za binafsi Afrika Magharibi. Watoto walitoka katika mazingira yanayofanana. Shule moja ilichapa, ikafinya na kupiga makofi kwa makosa madogo; nyingine ilikemea au kumpeleka mtoto kwa mkuu wa shule. Mtoto wa miaka mitatu au minne alikaa akiwa amegeukia ukuta, akaambiwa asikilize sauti na kubahatisha ni kitu gani cha kuchezea kilicho nyuma yake. Kisha mtu mzima akatoka chumbani na kumwambia asichungulie. Sauti iliyochezwa haikuhusiana kabisa na kitu chenyewe, kwa hiyo aliyekijua ni aliyechungulia.

Watoto wa shule zote mbili walichungulia, karibu wote. Fimbo haikuwazuia. Tofauti ilionekana walipoulizwa, "Ulichungulia?" Katika shule isiyochapa, waliodanganya walizidi nusu kidogo tu. Katika shule inayochapa, karibu wote waliochungulia walikana. Halafu walipoulizwa, "Unadhani ni kitu gani?", wale wa shule isiyochapa walijisaliti haraka kwa kutaja jina la kitu, ilhali wa shule ya viboko walikuwa na ujanja wa kujifanya hawajui. Wana miaka minne, na tayari wanajua kulinda uongo kwa uongo wa pili.

Pengine utasema watoto watundu ndio wanaochapwa, basi kiboko kinasingiziwa. Ni hoja nzuri, na inaziyumbisha tafiti nyingi za aina hii, kwa kuwa si rahisi kujua kipi kilitangulia, utundu au fimbo. Ndiyo maana utafiti wa pili wa Talwar na Lee, walioufanya na mwenzao Stephanie Carlson, una uzito. Walipima watoto 63 wa chekechea na wa darasa la kwanza katika shule za aina hizo mbili. Mojawapo ya majaribio ilikuwa kusubiri: chukua zawadi ndogo sasa, au ngoja upate kubwa baadaye. Jingine lilikuwa kupanga kadi kwa rangi, halafu ghafla kuambiwa zipangwe kwa umbo. Huko ndiko kujizuia kwenyewe, kile ambacho mzee wetu anakiita adabu. Watoto wa chekechea wa shule zote mbili walilingana. Kufika darasa la kwanza, wa shule isiyochapa walikuwa wamepiga hatua na wa shule ya viboko wamebaki nyuma. Kama tofauti ingetoka nyumbani, ingeonekana tangu chekechea. Watoto 63 ni wachache, na shule mbili si bara zima, lakini mwelekeo ni uleule wa karatasi ya kiranja: anayezuiwa na fimbo ya mwingine hapati nafasi ya kujizoeza kujizuia mwenyewe.

Na hao waliochapwa wakawa watu? Wapo, nami sitawakana wazee wangu. Ila kwenye kikao cha wazazi wanasimama waliobaki shuleni. Aliyekimbia akiwa darasa la tatu kwa sababu kila siku alichelewa na kila siku alilipwa kwa viboko hana kadi ya mwaliko. Luweero kulekule, wasichana waliopigwa na wafanyakazi wa shule walikuwa na uwezekano karibu maradufu wa kufanya vibaya kimasomo wakilinganishwa na wasiopigwa. Huo ni uhusiano tu, hauthibitishi chanzo, lakini unatosha kumzuia mtu asijihesabie waliofaulu peke yao.

Sasa turudi kwa mwalimu wa watoto mia, maana bila yeye maneno yote haya ni ya barazani. Hukohuko Luweero zilichukuliwa shule 42. Nusu zilipata mpango wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices la Kampala, nusu zikasubiri zamu yao. Haukuwa mpango wa semina moja. Kwa muda wa miezi 18 kila shule ilichagua walimu na wanafunzi wa kuusukuma, watoto wakatunga sheria za darasa pamoja na mwalimu, wakaunda kamati za kusikiliza makosa, na sifa zikaanza kutolewa hadharani kama adhabu zilivyokuwa zikitolewa hadharani. Mwaka 2014 watoto waliulizwa tena. Katika shule zilizosubiri, asilimia 49 hivi walisema walipigwa na wafanyakazi wa shule wiki iliyopita. Katika shule za mpango, asilimia 31.

Nimeiwaza sana hiyo 31. Shule zilizosaidiwa kwa mwaka mmoja na nusu, na bado karibu mtoto mmoja katika watatu alipigwa wiki hiyo. Anayetetea kiboko ataongeza, kwa haki kabisa, kwamba watoto walijisikia salama zaidi shuleni lakini alama zao za mitihani hazikupanda, wala afya yao ya akili haikuonekana kubadilika. Hiyo ni kweli, na inawakata maini waliotarajia miujiza. Lakini geuza shilingi uone upande wa pili. Hofu kubwa ya wazazi na wakuu wa shule ni kwamba kiboko kikipungua masomo yataporomoka na PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, itakuwa aibu. Viboko vilipungua kiasi hicho, katika madarasa yaleyale yaliyojaa, na masomo hayakuporomoka. Kama kiboko ndicho kilichokuwa kimeshikilia alama, tungeona zikianguka.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na wenzangu wanaotaka mwalimu afungwe ndiyo iwe fundisho. Tazama shule siku ambayo mkaguzi wa wilaya anatarajiwa: fimbo inaingia nyuma ya kabati, watoto wanaambiwa wakiulizwa waseme hapa hatuchapwi. Mtoto akiumizwa, mkuu wa shule na mzazi wanamaliza wenyewe kwa kugharamia dawa, na jambo halifiki polisi. Tisho la kifungo linamfanyia mwalimu kile ambacho fimbo inamfanyia mtoto. Kifungo kibaki kwa anayevunja mkono au kutoboa jicho, naam. Kwa yule wa viboko viwili vya kelele, kilichopunguza fimbo Luweero ni kazi ya miezi 18 pamoja naye, na Wizara inayoandika nyaraka tangu 1997 ingeweza kuanza na kitu kidogo kisichogharimu shilingi: mafunzo ya ualimu yamzoeze mwalimu kutunga sheria za darasa na watoto wenyewe wiki ya kwanza ya muhula, na ile karatasi ya kiranja ipigwe marufuku pamoja na fimbo yake.