Nyuki hajafa, ila tufaha lina mbegu pungufu

Swali la kozi: "Kama kwa dozi inayokutwa shambani dawa za neonikotinoidi, zile za wadudu zinazopenya ndani ya mmea mzima, haziui nyuki pori, kuna ushahidi gani kwamba mazao nayo yanaathirika?"

Ushahidi upo, na ule ambao mimi naona unabeba mzigo mkubwa kuliko wote ni jaribio la matufaha lililotoka mwaka 2015 kwenye jarida la Nature, la kina Dara Stanley na Nigel Raine, lililofanyika Uingereza. Kabla ya hapo tafiti nyingi zilikuwa zinaishia kwa nyuki mwenyewe, kapotea njia, kazaa kidogo, kaleta chakula kidogo, halafu mtu wa kilimo anauliza "sawa, na mavuno je?" na hapo kimya. Hawa walivuka hilo daraja.

Walichukua makundi ya wale nyuki wanene wenye manyoya wa Ulaya, Bombus terrestris, wakayalisha maji ya sukari yenye thiamethoksamu, moja ya neonikotinoidi, kwa siku 13. Makundi mengine yalipata sukari tupu, mengine sehemu 2.4 kwa bilioni, mengine sehemu 10 kwa bilioni. Hiyo 10 kwa bilioni ni mikrogramu 10 ndani ya kilo nzima ya maji ya sukari, yaani kitu ambacho huwezi kukiona wala kukinusa, na nyuki hafi. Baadae makundi yakapelekwa kwenye vizimba vya wavu vyenye miti ya matufaha ambayo maua yake hayajaguswa na mdudu yeyote, wakaachwa wafanye kazi yao. Wale waliokunywa dawa walitembelea maua mara chache zaidi na walileta chavua nyumbani mara chache zaidi. Matunda yalipokomaa yakapasuliwa mbegu zikahesabiwa, na matufaha ya upande wa sehemu 10 yalikuwa na mbegu pungufu kwa 36%.

Hiyo namba ya mbegu watu wengi wanaipita haraka kwa sababu nani anakula mbegu za tufaha? Ila ndo namba ya kukaa nayo. Tufaha likilikata katikati unaona vyumba vitano, na kila chumba kwa kawaida kina nafasi ya mbegu mbili, so kumi hivi kwa jumla, na kila mbegu inahitaji chembe yake ya chavua iliyofika kutoka mti wa aina nyingine kwa sababu aina nyingi za matufaha hazijichavushi zenyewe. Kwahiyo kuhesabu mbegu ni kuhesabu kazi ya nyuki moja kwa moja. Halafu mbegu yenyewe haikai tu bure, inatoa homoni zinazovuta chakula kuja kwenye tunda, ndo maana tufaha lenye mbegu upande mmoja tu mara nyingi linakua limepinda, na lenye mbegu chache liko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubaki dogo au kudondoka mapema. Mkulima anaona tunda la daraja la pili sokoni, hana namna ya kujua kwamba hadithi ilianzia kwenye maji ya sukari mikrogramu 10.

Na kuna kitu kingine kwenye jaribio lile ambacho kwangu ni kizito kuliko hata hiyo 36%. Watafiti walipochambua wakaona upungufu hautokani na nyuki mmoja mmoja kubadilika tabia akiwa kwenye ua, uwezekano mkubwa unatokana na kundi zima kufanya kazi pungufu. Maana yake ni kwamba ungesimama kwenye shamba lile ukamwangalia nyuki mmoja akiwa kwenye ua ungesema huyu yuko fresh kabisa, anaingia, anajipaka chavua, anatoka. Hasara iko kwenye safari ambazo hazikufanyika, na safari ambayo haikufanyika hakuna anayeiona kwa macho.

Sasa upande wa pili, na usichukuliwe kirahisi. Ile tofauti ya 36% ni ya sehemu 10 kwa bilioni, ambayo iko upande wa juu wa kinachokutwa kwenye chavua na mbochi shambani, 2.4 iko karibu zaidi na hali ya kawaida. Nyuki walikuwa kwenye kizimba, walilishwa dawa moja kwa moja, wakati shambani nyuki ana maua ya magugu na ya vichaka vya pembeni yanayopunguza makali. Na mkulima ana hoja yake pia. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia neonikotinoidi tatu mwaka 2013 kwa mazao yanayovutia nyuki, halafu 2018 ukazifunga kabisa kwa matumizi ya nje, wakulima wa rapa, zao la mbegu za mafuta, Uingereza walipigwa vibaya na wadudu wanaokula miche michanga, wakaongeza kupiga pareto za viwandani juu ya majani, nazo zikaanza kushindwa kwa sababu wadudu wameshakuwa sugu, na eneo la rapa likapungua sana. Mtu akikwambia mbegu iliyopakwa neonikotinoidi ni afadhali kuliko pampu kupita shambani mara kadhaa, hoja yake inastahili kupimwa.

Ila hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi ni nyingine, kwamba "dawa imepimwa kwa nyuki na imepita", na hii ndo naona inawapoteza watu. Kipimo cha kwanza cha usajili ni kumpa nyuki wa asali dozi moja, akiwa mzima amekomaa, kisha kuhesabu vifo ndani ya saa 48. Kinajibu swali la kifo na kinamjibia nyuki wa asali. Mwaka 2015 huohuo, Maj Rundlöf na wenzake Sweden walichukua mashamba 16 ya rapa, wakayapanga kwa jozi, shamba moja mbegu zimepakwa klothianidini, neonikotinoidi nyingine, na lingine hazijapakwa. Mizinga ya nyuki wa asali haikuonyesha tofauti ya maana. Kama wangeishia hapo, dawa ingepita. Ila wale nyuki wanene, makundi yao hayakukua vizuri kwenye mashamba yenye dawa, nyuki pori kwa jumla walikuwa wachache, na kuna nyuki mpweke mwekundu wa kule ambaye alijenga vyumba vya watoto kwenye mashamba 6 kati ya 8 yasiyo na dawa, na kwenye yale 8 yenye dawa hakujenga hata kimoja. Rapa ileile, msimu uleule.

Sababu haina uchawi. Mzinga wa nyuki wa asali una vibarua maelfu na malkia anayetaga kila siku, wakipotea mia mbili pengo linazibwa. Nyuki mpweke ni mama mmoja, anachimba au anatafuta tundu, anakusanya chavua, anataga, anafunga, yote peke yake. Akipunguza kasi kwa wiki mbili katika maisha yake ya wiki chache basi hakuna wa kumshikia nafasi. Na wengi wao wanachimba viota kwenye udongo, hukohuko dawa inakomwagiwa. Ontario, Kanada, nyuki wa maboga wanaochimba ndani ya shamba lenyewe waliwekwa kwenye vizimba ambamo imidaklopridi, nayo ya kundi hilohilo, ilikuwa imetiwa kwenye udongo wakati wa kupanda, na matokeo yaliyotoka 2021 yalionyesha viota pungufu kwa 85% na watoto pungufu kwa 89%.

Kwetu huku zao ambalo ningelitazama kwanza ni biringanya. Ua lake halimwagi chavua ovyo, chavua iko ndani ya vijimirija vyenye tundu dogo kwenye ncha, na nyuki inabidi aling'ang'anie ua na atetemeshe misuli ya kifua mpaka chavua itoke kama unga, unasikia mlio mfupi wa juu ukiwa umesimama karibu. Nyuki wa asali hawezi hii kazi. Utafiti uliotoka 2008 kutoka Nguruman, Kenya, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ulionyesha kazi hii inafanywa na nyuki pori, hasa nyuki seremala mweusi anayetoboa mbao kavu, na nyuki wadogo wa jenasi ya Macronomia wanaochimba ardhini, na wote wanategemea pori la jirani kwa chakula na makazi. Halafu mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha Stirling wakawajaribu nyuki wanene kwenye ua la ukoo wa biringanya. Nyuki wasio na dawa kadiri walivyozoea ua ndivyo walivyozidi kutoa chavua nyingi, waliokunywa thiamethoksamu kwa muda mrefu hawakupiga hatua hiyo. Kutetemesha ua ni ufundi, unajifunzwa, na inaonekana dozi ndogo inagusa hapohapo kwenye kujifunza.

Kwa wanaotaka kuliona hili wenyewe kwenye mradi wa kozi, njia ni rahisi kiasi. Chagua vitumba vya maua vinavyokaribia kufunguka, vigawe makundi matatu, uvifunge nyuzi za rangi tofauti. Kundi moja lifunike kwa kitambaa cha neti, la pili liache wazi, la tatu liache wazi lakini maua yakifunguka lichavushe pia kwa mkono, unatetemesha ua kwa mswaki wa umeme juu ya kijiko halafu unapaka chavua kwenye ncha ya kike. Subiri matunda yakomae, pima uzito, pasua, hesabu mbegu. Yaliyofunikwa yatatoa matunda kiasi maana biringanya hujichavusha kidogo, usishtuke. La kuangalia ni pengo kati ya kundi la pili na la tatu, likiwa kubwa nyuki hawatoshi au hawafanyi kazi ya kutosha. Ila pengo peke yake halitaji mhalifu. Ili kusema ni dawa inabidi ulinganishe mashamba yaliyomwagiwa na yasiyomwagiwa yaliyo umbali uleule kutoka porini, la sivyo unaweza kuilaumu dawa kumbe nyuki wamekosa tu mti mkavu wa kutoboa. Na ukihesabu wageni wa maua, hesabu wanaolia tu, nyuki wa asali anayezungukazunguka usimuweke kwenye jedwali la wachavushaji.

Msimamo wangu kwa hiyo hauko kwenye kufunga kila kitu kesho asubuhi, rapa ya Uingereza imeshaonyesha mkulima anaweza kuhamia kwenye kitu kibaya zaidi. Ila kwa mazao yanayotegemea nyuki pori kama biringanya na maboga, kumwaga dawa ya kupenya mmea kwenye udongo siku zilizokaribia maua naona haitetewi na ushahidi tulionao, kwa sababu kadiri unavyomwaga karibu na maua ndivyo mabaki kwenye chavua yanavyopanda, na aliye chini ya ardhi anapata dozi mara mbili, ya udongo na ya chakula. Nzi weupe wakisumbua, washughulikiwe kitaluni mapema kwa neti na kwa kung'oa miche yenye virusi. Na mtu akija na karatasi inayosema dawa imepita kipimo, muulize walimpima nyuki gani, kwa siku ngapi, na kama kuna aliyepasua tunda akahesabu.