Ankara za Dola Zipimwe Kila Mwezi, Kisha Ingizo Ligeuzwe

Wahasibu wengi wa biashara za kuagiza bidhaa hapa Kenya hungoja Desemba ndipo wazipime upya ankara za dola ambazo hazijalipwa. Hoja yao naijua: pesa haijatoka, tofauti ni ya kwenye karatasi tu, na mwezi ujao huenda ikageuka. Mimi nasema zipimwe kila mwisho wa mwezi, na ingizo lenyewe ligeuzwe tarehe mosi ya mwezi unaofuata, yaani lifutwe kwa ingizo la kinyume. Hilo la kugeuza ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloharibu vitabu.

Tuchukue kipindi ambacho kila mwagizaji anakikumbuka. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Februari serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Hofu kwamba nchi itashindwa kulipa ikapoa, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131.

Sasa weka hapo duka la vipuri ambalo tarehe 15 Desemba 2023 liliandika ankara ya dola 50,000 kutoka kwa muuzaji wa China. Viwango nitakavyotumia nimevikata viwe namba nzima. Siku ya ankara dola ni 154, kwa hiyo deni linaingia vitabuni kwa shilingi 7,700,000. Desemba 31 dola ni 157, na deni lile lile ni 7,850,000. Mhasibu anadebiti hasara ya ubadilishaji isiyotimia kwa 150,000, na anakrediti akaunti ya marekebisho iliyo kando ya akaunti ya wadai. Leja ya muuzaji haiguswi. Kule ankara inabaki dola 50,000 kwa 154 hadi siku ya kulipwa.

Januari mosi ingizo linageuzwa. Mwisho wa Januari dola ni 160, na hesabu inaanza tena pale pale kwenye 154: hasara ni 300,000. Ukiondoa zile 150,000 zilizogeuzwa, Januari inabeba hasara ya 150,000. Mwisho wa Februari dola ni 145, deni limekuwa 7,250,000, na ukilinganisha na 154 kuna faida ya 450,000. Ongeza 300,000 zilizogeuzwa Februari mosi, na Februari inaonyesha faida ya 750,000. Katikati ya Machi ankara inalipwa kwa 135, yaani shilingi 6,750,000. Programu inalinganisha malipo na ankara ya mwanzo na kuandika faida iliyotimia ya 950,000. Machi mosi zile 450,000 zilikuwa zimegeuzwa, hivyo mwezi unabaki na 500,000. Jumlisha miezi yote minne: hasara mbili za 150,000, faida ya 750,000 na ya 500,000. Unapata 950,000, ambayo ni tofauti halisi ya 154 na 135 kwa dola 50,000.

Ingizo la Februari lisipogeuzwa, faida iliyotimia bado itakuja kuwa 950,000, kwa sababu programu haijui chochote ila kiwango cha siku ya ankara. Zile 450,000 nazo zinabaki pale pale. Vitabu vinadai faida ya 1,400,000 kwenye ankara iliyokwisha kulipwa. Dalili yake ni rahisi kuiona ukijua pa kutazama. Kwenye leja ya wadai muuzaji ana sifuri, kwa dola na kwa shilingi, lakini akaunti ya marekebisho ina debiti ya 450,000 isiyo na jina la mtu yeyote. Kila mwisho wa mwezi salio la akaunti hiyo lazima lieleweke ankara kwa ankara, na zote ziwe hazijalipwa. Baadhi ya programu huuliza tarehe ya kugeuza wakati ule ule unapopima. Nyingine hazigeuzi hadi mtu mwenyewe aandike ingizo, na huko ndiko masalio ya miaka mitatu hulala hadi mkaguzi aje ayafukue.

Kuna kosa jingine ambalo nadhani ni baya zaidi, maana halionekani kwenye leja. Wauzaji wengi wa China hutaka malipo ya awali kabla ya kuanza kutengeneza mzigo. Tuseme oda nzima ilikuwa dola 70,000, na duka lilituma 20,000 mwezi Oktoba dola ikiwa 149. Zile 50,000 tulizozifuata juu ndizo zilizobaki. Watu huyapima upya malipo ya awali kila mwezi kwa sababu tu yameandikwa kwa dola. Hayapaswi kuguswa. Duka halidai pesa kutoka China, linadai vipuri, na kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 21 inapima upya vile tu vitakavyolipwa au kupokewa kwa pesa. Mzigo ukishaandikwa, dola 20,000 zake zinabaki kwa 149 na zile nyingine zinakuwa kwa 154, kama ufafanuzi wake, IFRIC 22, unavyoelekeza. Programu ikiandika zote 70,000 kwa 154 kisha ikaunganisha na malipo ya awali, itazua faida ya 100,000 ambayo haipo, na bei ya stoo itavimba kwa kiasi hicho hicho. Mambo hubadilika muuzaji akishindwa kuleta mzigo na mkakubaliana arudishe hela. Hapo limekuwa deni la pesa, na linapimwa kama mengine.

Kiwango gani kitumike? Wengi huchukua wastani wa Benki Kuu kwa kuwa mkaguzi anaukubali bila maswali. Siku za kawaida sina ugomvi nao. Lakini mwanzoni mwa 2023, dola zilipoadimika, benki ziliziuza kwa shilingi kadhaa juu ya kiwango rasmi, na deni lililopimwa kwa kiwango rasmi lilionekana dogo kuliko pesa ambazo zingehitajika kulilipa. Nyakati kama hizo natumia bei ya kuuzia ya benki ninakonunulia dola, na ninaiweka kwenye faili ikiwa na tarehe.

Wanaopinga kupima kila mwezi wana hoja moja nzito: ile faida ya 750,000 ya Februari itamdanganya mwenye duka aone biashara imechangamka. Ni kweli, iwapo utaichanganya na gharama ya mauzo. Iweke kwenye mstari wake, chini ya faida ya uendeshaji, na zile za kutimia ziwe mbali na zisizotimia. Usipopima kabisa, mwenye duka anaingia Februari akidhani anadaiwa 7,700,000 wakati kiwango kinasema 8,000,000, na anapanga bei za rejareja kwa namba ya kwanza.

Kutenganisha huko kunasaidia pia kwenye kodi. Kifungu cha 4A cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya huitambua faida au hasara ya ubadilishaji katika mwaka ilipotimia. Kwa duka letu, hasara ya 150,000 ya Desemba 2023 inarudishwa kwenye hesabu ya kodi ya mwaka huo, haipunguzi kitu. Mwaka 2024 vitabu vinaonyesha faida ya 1,100,000 kwenye ankara hii, ila inayotozwa kodi ni 950,000. Katikati ya miaka hiyo miwili, mizania ya Desemba 2023 inabeba kodi iliyoahirishwa ya 45,000, asilimia 30 ya ile hasara, na Machi inafutika.