Kuku nusu, makato mazima mawili

Jamani, njaa ya Ijumaa itaniua. Nimeagiza chipsi na kuku nusu kwa simu, 18,500. Ombi la malipo likatokea, nikaweka namba ya siri, kiduara kikaanza kuzunguka kama ngamia wa kinu. Mwisho aplikesheni ikaandika: malipo hayajakamilika, jaribu tena. Nami kwa utiifu wangu, nikajaribu tena.

Mara meseji mbili hizo, zimefuatana kama mapacha. Mama watoto akasema, "Tulia baba, meseji imejirudia tu." Kweli huwa inatokea. Ila mimi kwenye hela yangu situlii, nikavaa miwani. Kumbukumbu namba zingekuwa moja na salio lile lile, ningekubali ni meseji tu. Zangu zilikuwa tofauti. Nilikuwa na 52,300. Meseji ya kwanza inasema zimebaki 33,800, ya pili 15,300. Mapacha gani hao, kila mmoja kala sahani yake!

Kumbe ombi la kwanza halikufa. Hela ilishakatwa, ila jibu lilichelewa kuifikia aplikesheni, nami nikafungua ombi jipya. Ningetazama salio kabla ya kubonyeza tena, leo nisingekuwa nalalamika hapa.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Naona miamala yote miwili imefanikiwa, kaka." Dada yangu, hapo ndipo msiba ulipo! Akanieleza kwa upole kwamba hela imeshaingia kwa muuzaji, hawezi kuichomoa bila muuzaji kuridhia.

Haya, kwa muuzaji. Kijana akaniambia, "Bosi, huku kuna oda moja tu, imelipwa." Sasa oda ziwe ngapi, na mimi nina tumbo moja? Nikamwambia aachane na orodha ya oda, afungue taarifa ya malipo ya siku hiyo. Nikamtumia kumbukumbu namba zote mbili, kiasi na saa. Akakaa kimya kidogo, kisha: "Ahaa. Ya saa 2:14 imefunga oda. Ya saa 2:16 imekaa tu, haina oda." Nikamsisitizia arudishe hiyo ya 2:16, kwa kumbukumbu namba yake. Akirudisha ya kwanza, oda itaonekana haijalipwa, na kuku mwenyewe alishabaki mifupa.

Kesho yake akapiga mtu nisiyemjua: nimpe namba ya siri anirudishie hela. Hela kuingia kwangu inataka namba yangu ya siri kwa lipi? Nikamwambia subiri nitafute miwani. Alisubiri dakika tano, maskini.

Siku ya tatu 18,500 ikaingia. Nikachungulia salio: 33,800. Nikachungulia tena, labda na hii imejirudia. Wapi! Ikiwa ya kuja kwangu, mtandao unakuwa makini ajabu.