Kisanduku kitupu hakiwezi kuwa kijani

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenye kikao cha baraza letu la maji na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka. Tuliletewa tablo ya rangi ya mwezi wa Juni: mistari kumi, tisa kijani, mmoja njano. Watu walishaanza kufunga madaftari, na Mama Prezida alitaka tupite kwenye hesabu ya pesa. Nikauliza jambo moja tu: Juni tumekaa gizani siku ngapi, jamani? Kijani hiki kimetoka wapi?

Wasomaji wangu wa Goma hawahitaji kuelezwa. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, kisima huchimbi, bido inajazwa maji ya ziwa. Kati ya ziwa na kipindupindu kuna klorini, na klorini hiyo inatiwa na pompi ndogo inayotumia umeme. Kwa hiyo katika ile mistari kumi, miwili ndiyo niliyoiangalia kwa macho mawili: vipimo vya klorini kwenye robine, na siku ambazo pompi ya klorini ilisimama. Yote miwili ilikuwa kijani.

Tuanze na huo wa pili, maana ndio ulioniumiza. Tulikubaliana mwanzo wa mwaka: chini ya siku 3 ni kijani, siku 3 hadi 5 ni njano, zaidi ya 5 ni nyekundu. Mipaka mizuri, na iliwekwa kabla namba hazijaonekana, jinsi inavyotakiwa. Nikamwomba meneja afungue faili kwenye mashine yake. Kisanduku cha E7 kilikuwa kitupu. Hakuna aliyeandika kitu, kwa sababu daftari la tekinisia lilikuwa bado halijafika ofisini. Lakini pembeni rangi imetoka, kwa sababu formula ilikuwa hii:

```
=SI(E7<3;"KIJANI";SI(E7<=5;"NJANO";"NYEKUNDU"))
```

Ekseli ikilinganisha kisanduku kitupu na namba, inakihesabu kuwa sifuri. Sifuri ni chini ya 3, basi kijani. Kwa kila kipimo ambacho udogo ndio uzuri, iwe siku za kusimama, mabomba yaliyopasuka au malalamiko ya wateja, ukimya unapewa alama ya juu kabisa. Mtu asiyeandika anaonekana bora kuliko mtu aliyeandika 1.

Tulimtuma kijana kwa pikipiki alilete daftari. Pompi ilisimama siku 12.

Mstari wa klorini ulikuwa na hadithi yake. Tuna robine tatu za kupimia, kipimo kimoja kila siku kwa kila robine, basi Juni tunategemea vipimo 90. Kizuri ni kile kinachofika mpaka wetu wa miligramu 0.5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaruhusu 0.2 pale mtu anapochota, na kuna mzee kwenye baraza ambaye kila kikao anatukumbusha hivyo ili tupunguze matumizi. Ila maji ya juu ya ziwa Kivu yana pH karibu 9, na klorini kwenye maji ya namna hiyo inaua vijidudu kwa unyonge kuliko kwenye pH 7. Mpaka hauchukuliwi tu kwenye karatasi ya watu wengine, unatazama maji uliyonayo. Hapo sibadiliki.

Sasa, tablo ilisema asilimia 93 ya vipimo ni vizuri, na kijani chetu kinaanzia 90. Hesabu haikuwa ya uongo: vipimo 50 vizuri kati ya 54. Lakini 54 si 90. Vipimo 36 havikufanyika, na aliyejaza tablo aligawanya kwa vile alivyokuwa navyo. Daftari lilipofika tukaona hivyo 36 viko wapi: siku zile zile 12, mara robine tatu. Umeme ukikatika, maji yalisukumwa kwa grupu ya mazutu, pompi ya klorini haikuunganishwa na grupu, na tekinisia alikuwa anazunguka kutafuta mazutu badala ya kupima. Kilichozuia klorini kuingia ndicho kilichozuia kipimo kufanyika. Namba zilizokosekana hazikudondoka ovyo kama karanga kwenye mfuko uliotoboka. Zilikosekana siku mbaya, na hivi ndivyo zinavyokosekana mara nyingi. Ukigawanya kwa zilizobaki unajipa mwezi wenye siku nzuri peke yake.

Nilipendekeza kanuni ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Piga hesabu mara mbili. Mara ya kwanza chukulia kila kipimo kilichokosekana kilikuwa kibaya: 50 kwa 90, asilimia 56. Mara ya pili chukulia vyote vilikuwa vizuri: 86 kwa 90, asilimia 96. Kama majibu yote mawili yanaangukia rangi moja, weka rangi hiyo bila wasiwasi, zilizokosekana haziwezi kuibadilisha. Kwetu njano ni kuanzia 75 mpaka chini ya 90, kwa hiyo jibu la kwanza ni nyekundu na la pili ni kijani. Basi hatujui, na tablo iseme hivyo kwa rangi yake: kijivu. Vingekosekana vipimo 4 tu na 83 vikawa vizuri, hata hesabu kali ingetoa asilimia 92, na kijani kingekuwa halali.

Kijivu kikijirudia mwezi wa pili kwenye mstari ule ule, kinahesabiwa nyekundu na meneja anakuja kueleza. Bila hilo watu watajificha ndani ya kijivu. Na namba ya mwezi uliopita isiletwe kuziba pengo, hata kwa nia njema.

Meneja alisema ninawaadhibu wafanyakazi kwa mambo ya nchi. Nakubali nusu. Mwisho wa Januari 2025, mji umekatika umeme na maji, risasi nje, nani angemtuma kijana na vidonge vya DPD vya kupimia klorini akaangalie kama maji yanageuka waridi? Mwezi kama huo kijivu kibaki kijivu hata mara mbili, sababu iandikwe pembeni, na asilaumiwe mtu. Lakini hata wakati ule baraza lilipaswa kuambiwa kwamba halijui. Mama anayejaza bido yake asubuhi anaamini kuna watu wanaojua kilichomo. Watu hao ni sisi.

Formula tuliirekebisha pale pale mezani:

```
=SI(ESTVIDE(E7);"KIJIVU";SI(E7<3;"KIJANI";SI(E7<=5;"NJANO";"NYEKUNDU")))
```

Kama kweli pompi haikusimama hata siku moja, tekinisia aandike 0 kwa mkono wake. Sifuri iliyoandikwa ni habari.

Juni tukaipaka upya. Klorini kijivu, pompi nyekundu. Mama Prezida aliitazama tablo kimya, kisha akaahirisha hesabu ya pesa. Saa nzima iliyobaki tuliongea juu ya waya wa kuunganisha pompi ya klorini na grupu, na nani atakaa na vidonge vya kupimia siku ambayo tekinisia amekwenda kutafuta mazutu.