Kovu la pafu, cheti cha polisi na saa mbili zisizoenda pamoja

“Mimi vipimo na cheti cha polisi nilivimaliza ndani ya mwezi mmoja. Wanaocheleweshwa viza ni wale wanaosubiri hadi dakika ya mwisho.”

Aliyesema hivyo hasemi uongo kuhusu safari yake. Pengine ameishi nchi moja tu maisha yake yote, mapafu yake hayana alama, na alama za vidole vyake zinasomeka. Kwa mtu wa namna hiyo, mwezi unatosha. Ila ukikaa karibu na watu wanaoomba viza za kuhamia, utaona kwamba kinachowaangusha mara nyingi si kuanza kwa kuchelewa. Wamebeba karatasi zenye tarehe za mwisho tofauti, na moja ikisubiri nyenzake, nyingine inakufa.

Tuchukue viza ya uhamiaji ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko jambo hili linaonekana wazi zaidi. Ni mume, mke na watoto wawili. Tuseme Januari 10 wote wanne wanakwenda kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi. Mke na watoto hawana tatizo. Vipimo vyao vinadumu miezi 6, yaani hadi Julai 10. Picha ya kifua ya mume inaonyesha kovu sehemu ya juu ya pafu la kulia. Hakohoi, hajapungua uzito, wala hakumbuki kuugua. Haijalishi. Kovu la namna hiyo linaweza kuwa alama ya kifua kikuu cha zamani, kwa hiyo lazima atoe makohozi asubuhi tatu tofauti. Si mate: anatakiwa avute pumzi ndefu na kukohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, mbele ya mhudumu anayemwangalia, kabla hajatia kitu kinywani. Makohozi hayo yanakaguliwa kwa darubini, kisha yanaoteshwa maabara, na kuotesha huko huchukua hadi wiki 8.

Hapa nawatetea madaktari. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi wakipata mazingira mazuri. Wa kifua kikuu anahitaji takriban siku nzima kugawanyika mara moja. Makohozi yakiwa na vimelea wachache, hakuna njia ya kuwaona ila kuwasubiri wazaliane. Kipo kipimo cha vinasaba kinachotoa jibu kwa saa 2 hivi, lakini kinaweza kuwakosa wale wachache ambao maabara ingewaotesha. Darubini peke yake huwakosa wengi zaidi.

Na hofu ya kuwakosa hao wachache haikuwa ya mezani tu. Mwaka 2005, wakimbizi wa Kihmong, watu wenye asili ya Laos, waliokuwa wakihamishwa kutoka Thailand kwenda Marekani waligundulika na kifua kikuu, kikiwemo kile sugu kwa dawa, baada ya wengine kuwa wamekwisha kufika. Safari zilisimamishwa kwa muda, na kuanzia mwaka 2007 kuotesha makohozi kukaingizwa katika masharti ya uchunguzi wa wahamiaji. Anayelalamika kwamba wiki 8 ni uonevu, ugomvi wake ni na kimelea, si na daktari. Na mgonjwa anayegunduliwa kabla ya kusafiri anatibiwa mapema, kabla hajawaambukiza wanawe walio naye chumba kimoja.

Tatizo langu linaanza majibu yakishatoka. Machi 10 yule mume anaambiwa vimelea hawakuota. Ungetegemea sasa awe sawa na mkewe. Hapana. Kwa sababu ya lile kovu anawekwa daraja la pekee, na uchunguzi wake unadumu miezi 3 tu tangu ulipokamilika, si 6. Viza nayo haiwezi kuishi muda mrefu kuliko uchunguzi wa afya. Kwa hiyo mtu aliyesubiri wiki 8, akapimwa kwa kina kuliko yeyote katika familia na akakutwa hana vimelea, ndiye anayepewa nusu ya muda. Mwisho wake ni Juni 10.

Nimelifikiria sana sharti hili, na sababu yake naielewa: mwenye kovu ana uwezekano mkubwa zaidi wa ugonjwa kuamka tena kuliko asiye nalo, kwa hiyo wanataka asikae muda mrefu kati ya kupimwa na kuingia nchini. Lakini Marekani yenyewe hupeleka taarifa za watu wa daraja hilo kwa idara za afya za huko waendako, ili wafuatiliwe wakifika. Kanada na Australia nazo zina ufuatiliaji wa namna hiyo: Australia humtaka mtu asaini ahadi ya kuwasiliana na huduma ya afya ndani ya siku 28 tangu kufika. Kwa kawaida uchunguzi wa afya wa Kanada hudumu miezi 12, na cheti cha kifua kikuu cha Uingereza miezi 6. Mapafu ni yale yale na kimelea ni yule yule. Kama kuna mtu wa kumfuatilia msafiri baada ya kutua, kumbana kabla ya kuondoka hadi asiweze kupanga safari kunaongeza kinga kiasi gani? Mimi naona ni kidogo sana, na gharama yake anaibeba mtu ambaye maabara imeshamwambia hana kitu.

Miezi 3 ingetosha kama kila kitu kingine kingekuwa tayari. Turudi kwa yule mume. Ni fundi mwashi, na zamani alifanya kazi nchi nyingine kwa miaka 3. Aliyekaa nchi nyingine miezi 12 au zaidi akiwa na umri wa miaka 16 na kuendelea anatakiwa cheti cha polisi cha huko, kinachoonyesha kama ana rekodi ya makosa ya jinai. Anacho, tena alikichukua mapema. Machi 20 anakwenda kwenye usaili, na afisa anakitazama na kusema hakifai: kimetolewa na polisi wa wilaya aliyokuwa akiishi, wakati kinachokubalika kwa nchi ile ni cha makao makuu ya taifa. Anapewa karatasi yenye kifungu 221(g) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, maana yake viza haitolewi hadi alete kinachokosekana.

Hapa mwenye ile kauli ya mwanzo ana hoja. Tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani, travel.state.gov, ina ukurasa wa kila nchi unaosema cheti gani kinakubalika na kinatolewa na ofisi gani, na fundi huyu hakuusoma. Hilo ni kosa lake. Lakini si uzembe wa kungoja dakika ya mwisho, kwa sababu cheti chake kilikuwa mkononi mwezi mzima kabla ya kwenda kwa daktari, kina muhuri, na kinasema ukweli.

Kupata kile kingine akiwa nje ya nchi hiyo inabidi apeleke alama za vidole kwenye kadi. Kila kidole hupakwa wino na kuviringishwa kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi mwingine. Sasa mtazame mwashi vidole: saruji imekula mistari, ncha zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Wauguzi wanaonawa kutwa na wanaoshika dawa za usafi wana shida hiyo hiyo, na wazee pia. Kadi inatumwa mwishoni mwa Machi. Mwanzoni mwa Mei linarudi jibu kwamba alama hazisomeki, atume nyingine. Mara ya pili anapumzisha mikono siku kadhaa, anapaka mafuta kila usiku, asubuhi ya kuchukuliwa alama anaosha mafuta yote, na mchukuaji anatumia wino kidogo sana, maana wino mwingi huziba hata ile mistari michache iliyobaki. Alama zinasomeka. Cheti kinafika Juni 12.

Uchunguzi wa kifua chake umekufa siku 2 kabla.

Anaanza upya: picha, kovu lile lile, makohozi siku tatu kuanzia Juni 15, wiki 8 nyingine. Majibu yanatoka katikati ya Agosti. Lakini vipimo vya mke na watoto viliisha Julai 10, kwa hiyo nao wanarudi kwa daktari na kulipa tena. Januari hadi Agosti, na katika muda wote huo hakuna aliyekutwa mgonjwa wala aliyekutwa na kosa la jinai.

Upande wa polisi nao una haki yake. Cheti cha nchi unayoishi sasa lazima kiwe kipya, kwa sababu mtu anaweza kufanya kosa mwezi uliopita. Kudai cheti cha makao makuu pia kuna maana, kwa kuwa polisi wa wilaya hajui ulichofanya mkoa mwingine. Nisichokubali ni nchi inapodai cheti kipya kutoka mahali ulipohama miaka mingi na hujarudi. Hapo Marekani ina busara zaidi kuliko kwenye kifua: cheti chake huisha baada ya miaka 2, isipokuwa kile cha nchi uliyoishi zamani ambayo hujarejea tangu kitolewe. Kanada vivyo hivyo: cha nchi unayoishi kisizidi miezi 6 unapoomba, lakini cha nchi uliyokwisha kuihama kinatosha kikiwa kimetolewa baada ya kuishi huko mara ya mwisho. Rekodi ya mtu ambaye hayupo haiongezeki kwa matendo mapya. Nchi zinazohesabu miezi bila kutofautisha mambo haya mawili zinamrudisha mwombaji kwenye foleni ya alama za vidole bila kujifunza lolote jipya juu yake.

Kwa fundi yule, mpangilio mwingine ungebadilisha mengi. Cheti cha nchi ya zamani huombwa mara tu unapoihama, wakati anwani, vibali na watu wa kukusaidia bado wapo, na kikifika kinasomwa papo hapo: ofisi iliyokitoa, majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa. Uchunguzi wa afya ndio uje mwisho kabisa, cheti sahihi kikiwa mkononi. Na anayejua ana kovu, au aliwahi kutibiwa kifua kikuu, abebe picha za zamani na kumbukumbu za dawa. Hazitamwondolea makohozi wala zile wiki 8, ila zitamsaidia daktari kujua alitibiwaje. Kliniki ikikubali, yeye atangulie, na wengine katika familia wapimwe majibu yake yakikaribia, ili miezi yao 6 isiliwe na kungoja kwake.