Marehemu Anakoroma

Marehemu alianza kupumua dakika ya 42 ya filamu, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na kosa lilikuwa langu mimi fundi sauti.

Lakini tuanze na shanga, maana balaa lote lilianzia hapo. Onyesho lenyewe lilikuwa hivi: binti amepiga magoti kando ya kitanda cha baba yake aliyefariki usiku. Chumba kitupu, sakafu ya saruji, dirisha limefungwa. Binti anamwambia mzee maneno ambayo hakuwahi kumwambia akiwa hai. Nilikuwa nimemfichia maiki ndogo kifuani, ndani ya nguo, na juu yake kulikuwa na maiki ya bumu, ile inayoshikwa kwa fimbo ndefu. Mtu wa mavazi akaja dakika ya mwisho na mtandio wenye shanga ukingoni, akamtupia mwigizaji mabegani, akarudi nyuma kuutazama kama fundi aliyemaliza kupaka rangi ukuta.

Kila binti alipoinama kumlilia baba, shanga zikagonga maiki. Kwenye hedifoni zangu huzuni yote ilisikika kama panya anayetafuna gazeti. Bumu nalo halikunisaidia, kwa sababu shoti ilikuwa pana na mshika bumu alilazimika kusimama mbali, kwa hiyo alichonasa ni chumba zaidi kuliko sauti. Nikainua mkono. Muongozaji akaniambia mwanga unakimbia, tutarekebisha baadaye. Kwenye filamu, huyo "baadaye" ni mtu, na mtu huyo ni mimi.

Wiki 3 zikapita. Nikamwita mwigizaji studio tufanye ADR, yaani atazame picha yake mwenyewe na kuyasema upya maneno yaliyoharibika, na mtazamaji asigundue kwamba hayakusemwa pale kitandani. Sentensi iliyonitoa jasho ilikuwa hii: "Baba, mbona umeondoka mapema?"

Isome polepole mbele ya kioo. Midomo inafunga mara 7. Mara 2 kwenye "baba", 1 kwenye "mbona", 1 kwenye "umeondoka", na 3 kwenye "mapema". Irabu zina huruma. "A" ikichelewa kidogo hakuna atakayekushtaki. Ila B, M na P hazina siri, kwa sababu mtazamaji anaiona midomo ikikutana. Picha yetu ilikuwa na fremu 25 kwa sekunde, kila fremu milisekunde 40. Sauti ikichelewa fremu 1, inapita. Zikifika 3 au 4, mtazamaji anaanza kukunja uso bila kujua kwa nini. Na sauti ikiutangulia mdomo ndiyo mbaya zaidi, maana duniani tumezoea kuona kwanza na kusikia baadaye, kama radi.

Nilimwekea milio 3 ya "pii", sekunde 1 kati ya mmoja na mwingine. Wa nne haulii. Pale ambapo ungelia ndipo unapoanza kusema. Nikamweleza vizuri. Pii, pii, pii, na kabla sijavuta pumzi akaropoka "Baba!" juu ya mlio wa tatu. Tukarudia. Mara hii akasubiri mlio wa nne, ambao haupo, akaendelea kuusubiri, binti kwenye skrini akamaliza kulia, onyesho likakatika.

"Kaka," akaniambia, "huo wa nne mbona hauji?"

"Hauji, dada. Huo unalia moyoni mwako."

Teki ya 9 midomo ikakaa sawasawa. Nikafurahi, nikairudisha tuisikilize, nikaona aibu. Herufi zote zilikuwa mahali pake, ila sauti ilikuwa ya mtu anayemuuliza mgeni mbona anaaga mapema. Ilieleweka: kwenye kitanda alikuwa amepiga magoti, mgongo umepinda, kifua kimebanwa, pua imejaa machozi. Studio alikuwa amesimama wima, amelala saa 8 nzima, ametoka kuoga. Pumzi inatoka mahali tofauti kabisa, na huwezi kuirekebisha kwa kitufe chochote.

Nikamwambia apige magoti. Ikawa nafuu, lakini macho yake yalikuwa yanaongea na zulia. Akasema anahitaji mtu wa kumlilia. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Basi nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikaweka picha ijirudie yenyewe, nikalala chali sakafuni mbele yake, nikafumba macho, nikafa.

Alinililia vizuri mno. Alinishika bega, akaniinamia, chozi moja likanidondokea sikioni, na "mapema" ikavunjika katikati kama ilivyovunjika siku ya kwanza. Tatizo likawa kwamba marehemu hawezi kuinuka kusimamisha mashine bila kuharibu maombolezo. Nikarekodiwa nimekufa dakika 11. Teki niliyoitumia ilikuwa ya dakika ya 7. "Baba" ilichelewa fremu 2, nikaikata peke yake na kuirudisha nyuma fremu hizo. "Umeondoka" ilikuwa ndefu kuliko mdomo, nikaibana kwa asilimia 4. Zaidi ya hapo sauti huanza kunuka mashine. Pumzi aliyovuta kabla ya "mbona" sikuigusa. Watu wengi huzifuta pumzi wakidhani wanasafisha, halafu wanashangaa mwigizaji anasikika kama tangazo la uwanja wa ndege.

Kuhusu chumba nilijitahidi pia. Nilitumia maiki ileile ya bumu, nikaiweka mbali kidogo na mdomo wake kama ilivyokuwa kule, kisha nikaongeza mwangwi mfupi wa saruji, nikilinganisha na sentensi ya mwanzo wa onyesho iliyopona shanga. Nilifumba macho, nikapita kutoka sentensi ya zamani kwenda mpya, na kwa mara ya kwanza sikusikia mshono.

Sasa ndipo tunapofika kwenye ukimya.

Hakuna chumba kilicho kimya. Kile chumba kilikuwa na mvumo wake: taa, upepo dirishani, watu 12 wamejibana ukutani wanajizuia kupumua. Sentensi za zamani zilikuja na mvumo huo. Sentensi mpya zilikuja kavu. Ukiziweka hivihivi, kila binti anapofungua mdomo chumba kinatoweka, akinyamaza kinarudi. Dawa yake ni kutandika ukimya wa chumba kilekile chini ya onyesho zima. Na ukimya huo hurekodiwa palepale, kila mtu akiwa ndani, taa zikiwaka, kwa sekunde 30 au 60.

Siku ile nilipoomba sekunde 60, watu walikuwa wameshaanza kukunja nyaya. Sikupata hata 1.

Nikaanza kuchimba kwenye teki zilizotupwa. Katika teki ya 5, baada ya muongozaji kusema "ekisheni", binti alijikusanya kwa muda kabla ya kusema, na hapo nikapata sekunde 6 bila shanga wala mguu wa mtu. Dhahabu! Onyesho lilikuwa la sekunde 70. Nikakiunganisha kile kipande na nafsi yake, mwisho wa kimoja ukififia juu ya mwanzo wa kingine kwa sekunde 1, kwa hiyo kikawa kinajirudia kila baada ya sekunde 5. Mara 14. Kwa kuwa teki ile niliirekodi kwa kiwango cha chini, nikihofia binti angepiga kelele, nikakipandisha desibeli 12 kilingane na mvumo wa teki nyingine. Spika zangu ndogo, feni ya kompyuta inaunguruma, masikio yameshalisikia onyesho mara 200. Nikasikia chumba, basi.

Ukumbini, spika zilikuwa kubwa na watu wamenyamaza kwa heshima ya msiba. Binti akapiga magoti. "Baba, mbona umeondoka mapema?" Midomo safi, sauti imevunjika panapostahili. Nikajiegemeza kitini. Kisha, kwa mbali, kutoka upande wa kitanda:

*Khrrr.*

Nikajiambia ni mtazamaji. Sekunde 5. *Khrrr.* Mtu mzima aliyelala hupumua mara 12 hivi kwa dakika, yaani kila sekunde 5. Mimi, kwa mkono wangu, nilikuwa nimempa marehemu mapafu yenye afya njema.

Mara ya nne, mama mmoja safu ya mbele akasema kwa sauti ya kumwonea binti huruma, "Mwamshe tu, huyo hajafa." Ukumbi ukaangua kicheko. Kadiri binti alivyozidi kulia ndivyo watu walivyozidi kushikana mabega. Zilibaki *khrrr* 10 na nilizihesabu zote. Muongozaji alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwangu. Hakugeuka, na hilo lilikuwa baya kuliko kugeuka.

Nje nikamkuta mzee aliyeigiza maiti. Nikamuuliza kama anakumbuka nani alikuwa anakoroma siku ile.

"Ni mimi, mwanangu," akasema, bila haya yoyote. "Teki ya nne nilikuwa naigiza. Ya tano usingizi ukanichukua."

Usiku huohuo nilirudi studio, nikanyamazisha maneno yote, nikavaa hedifoni na kuusikiliza ule ukimya peke yake kwa sauti ya juu, jambo ambalo lingenichukua dakika 1 kulifanya kabla. Alikuwemo, wazi kabisa, hata anameza mate. Nikautupa. Nikaokota vipande vidogovidogo kutoka teki zote: nusu sekunde kati ya sentensi mbili, robo tatu pale binti aliposita, sekunde 1 kabla ya "kata". Nikavipanga bila mpangilio, vingine nikavigeuza vichezwe kinyumenyume, maana mvumo mtupu ukigeuzwa hakuna anayejua, hadi nikapata sekunde 25 zisizo na alama ambayo sikio lingeweza kuishika na kuisubiri irudi. Kila kipande nilikikagua kwanza kama kuna mzee ndani yake. Vitatu alikuwemo.

Asubuhi nikamwita muongozaji. Akakaa, akasikiliza sekunde zote 70 akiwa amekodolea macho kifua cha marehemu. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akavuta hedifoni, akazibonyeza masikioni kwa mikono yote miwili, akasikiliza mara ya tatu. Kisha akazivua, akaziweka mezani taratibu.

"Haya," akasema. "Sasa amekufa."