Si Kila Kete Iliyo Peke Yake Ni ya Kuliwa

Wengi wetu hapa Kisumu tumeingia kwenye bakgamoni tukitokea kwenye drafti, na tumekuja na desturi yake: kete ikijitokeza, lazima uile. Bakgamoni haikulazimishi. Nikitazama watu wakicheza Kondele, naona hapo ndipo mechi nyingi zinapopotea.

Chukua hali hii. Mchezo ndio kwanza umeanza. Kete moja ya mpinzani bado iko nyumbani kwako kwenye pembe ya 1, mwenzake amepanda hadi pembe ya 5, peke yake. Unatupa dadu: 5 na 3. Unaweza kutoa kete pembe ya 13, ipite ya 8 na kumla pale kwenye 5. Au unachukua moja ya pembe ya 8 na moja ya 6, unafunga pembe ya 3 bila kuacha kete yoyote wazi.

Ukila, kete yako ndiyo inayobaki peke yake. Dadu mbili huanguka kwa njia 36. Tano yoyote inamwingiza na kukula papo hapo: njia 11. Ongeza 4 na 1, kisha 3 na 2, unafika 15. Wengi huishia hapo, wakasahau ile kete ya pembe ya 1, iliyo hatua nne tu kutoka kwako. Akitupa 4 na 2, au 4 na 3, anaingia kwa namba ndogo kisha anakula kwa nne. Mbili-mbili na nne-nne nazo zinamfikisha. Jumla ni 21. Zaidi ya nusu! Na tazama bei: yeye ukimla anapoteza hatua 5, wewe akikula unapoteza 20.

Ukifunga pembe ya 3, anachotaka ni kuziunganisha kete zake pale kwenye 5. Anahitaji nne yoyote, au 3 na 1: njia 13. Moja-moja na mbili-mbili zingemfaa, lakini pembe uliyofunga imezizuia. Pembe ya 3 si tamu kama ya 5, nakubali, ila mimi hapo nafunga bila kusita.

Ile kete ya pembe ya 1 ikiwa imeshaondoka, nabadilika. Sasa anakupiga kwa njia 15 tu, hana mwenzake wa kuungana naye, na usipomla atatoroka. Hapo mle.

Isipokuwa nyumbani kwake kumeshafungwa. Akiwa na pembe 4 zilizofungwa, ukiliwa unaingia kwa njia 20 kati ya 36. Kwa zile 16 unakaa nje huku yeye akiendelea kupanga kete zake. Katika hali hiyo hata hizo 15 naziona nyingi, na natafuta pembe ya kufunga.